Mishikaki haina uraia

Juzi mmoja wenu kaniletea ripoti ya picha ya foleni. Kwenye nafasi ya mahali picha ilipopigwa kaandika: "Tanzania. Madereva hawana helmeti." Basi, kamaliza, kaenda kunywa chai. Nilicheka, halafu nikanuna, maana ripoti ya namna hiyo niliwahi kuiandika mimi, hapahapa Tanga, na ikanitia aibu ambayo mpaka leo watu wa kijiweni hawajaisahau. Basi hivi ndivyo mnavyotafuta picha ya barabarani imepigwa wapi.

1. Upande wa barabara kwanza, ila usimwulize bodaboda. Bodaboda hupita panapopitika. Tazama magari yaliyo kwenye mwendo na usukani ulipo. Sisi, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo kulia. Ukihisi picha imegeuzwa kama kwenye kioo na hakuna maandishi ya kukusaidia, tafuta Boxer au TVS iliyo karibu: ekzosi huwa upande wa kulia wa dereva, mnyororo kushoto. Ekzosi na mnyororo vikiwa vimebadilishana pande kwenye pikipiki zote, mtu kaigeuza picha.

2. Helmeti (wengine mnaandika "elementi", nimechoka kuwasahihisha) inakueleza zaidi habari za trafiki kuliko za nchi. Kaeni siku moja barabara kuu inayotoka Ngamiani. Helmeti inaning'inia kwenye kioo au imevishwa kwenye kiwiko. Mbele wakionekana wenye nguo nyeupe, zinapanda vichwani zote. Wakishapitwa, zinashuka. Barabara moja, nusu saa, picha mbili, na nyinyi mngetaja nchi mbili. Mtazameni abiria badala ya dereva. Kigali abiria ni mmoja na naye amevaa helmeti. Mkihesabu pikipiki kumi, abiria wote kumi wamevaa, na magari yanakwenda kulia, hapo mna kitu cha kuandika. Kofia moja ya dereva haiwapi chochote.

3. Idadi ya abiria. Hapa ndipo nilipoangukia.

Ililetwa picha ya barabara iliyojaa maji, inasambaa kwenye simu na maneno "Tanga leo asubuhi". Mbele kabisa kuna bodaboda kabeba mishikaki: mtoto kwenye tangi, na nyuma wanawake wawili, wa mwisho kaketi upande, leso imefungwa kiunoni, viatu mkononi. Hakuna helmeti hata moja. Minazi nyuma. Mimi nimezaliwa Tanga, jamani. Nilijiona kama nimeonyeshwa picha ya shangazi. Dakika kumi haikufika, nikaandika: ni Tanga, imethibitika.

Jioni nikamwonyesha kijana wa bodaboda anayenirudisha nyumbani, kwa majivuno tu. Akaikuza kwa vidole viwili, akanyamaza. Kisha: "Kaka, hiki kihiace cha nyuma mbona kina mstari wa njano ubavuni? Hiyo matatu hiyo." Mstari ulikuwepo, umezibwa nusu na mgongo wa yule mama wa mwisho. Matatu za Kenya zimechorwa mstari huo kwa amri tangu 2004, enzi za waziri Michuki. Akateremka na kidole mpaka kibao cha pikipiki: herufi mbili za mwanzo KM. Zetu zinaanza MC. Nilikuwa nimemtazama yule mama sana hata nikasahau kusoma namba iliyokuwa chini ya miguu yake.

Usiku huo nikalinganisha makutano, kituo cha mafuta na mnara wa msikiti na picha za setilaiti. Ukunda, ng'ambo ya mpaka. Mvua ilikuwa ya kweli, mahali si pake.

Kosa langu lilikuwa la hesabu. Niliuliza, "Je, hivi vitu viko Tanga?" Viko, vyote. Swali lilikuwa, "Ni wapi ambako havipo?" Leso, minazi, mishikaki, mwanamke kuketi upande: ukivuka Horohoro ukaingia Lungalunga unavikuta vilevile. Dalili inayokaa sawasawa pande zote mbili haichagui upande, hata ukizirundika kumi. Kumi zangu zote zilisema neno moja tu, "Pwani", na mimi nikazihesabu kama mashahidi kumi wa Tanga.

4. Kwa hiyo, kila dalili ya tabia iandikieni pembeni mahali pengine panapoonekana hivyohivyo. Pakiwa pengi, iacheni ikusaidie kuchagua pa kuanzia kutafuta, isiingie kwenye sentensi ya uthibitisho.

5. Msiseme "hawavai". Semeni "kati ya madereva 14 wanaoonekana vichwa, 3 wamevaa". Waliofunikwa na lori msiwahesabu.

Na wewe wa juzi, ripoti nimeirudisha mezani kwako. Pikipiki ya tatu kutoka kushoto, nyuma ya mkokoteni wa maji: kibao kinasomeka ukikikuza. Niletee kabla ya saa nane.