Meneja kakaa kimya, kampuni imetangaza fedha mpya: namna ya kumwandikia

"Wakuu, nilifanya usaili mara mbili, nafasi ya msimamizi wa mawakala kwenye kampuni ya malipo kwa simu hapa Dar. Meneja wa operesheni akasema tutawasiliana. Hii ni wiki ya saba, kimya. Jumatatu nimesoma kwamba wamepata fedha za wawekezaji na wanafungua Kanda ya Ziwa. Niitumie hiyo habari kumwandikia? Nianzeje nisionekane naomba-omba?"

Mkuu, mwandikie, ila fedha ziguse kidogo sana. Kinachokufaa kwenye habari hiyo ni Kanda ya Ziwa, kwa sababu hapo ndipo kazi ya msimamizi wa mawakala inapobadilika. Wiki hii meneja anapokea pongezi za fedha kutoka kwa kila mtu. Atakayemwandikia kuhusu tatizo linalomsubiri Mwanza ni mmoja au hayupo kabisa.

Kabla ya kuandika, jiulize kimya chake kimetokana na nini. Wiki saba baada ya usaili wa pili kwa kawaida kuna mambo matatu: bajeti ya nafasi ilisimama ikisubiri fedha, au nafasi yenyewe inaandikwa upya, au amepatikana mtu mwingine na hakuna aliyekumbuka kukujulisha. Habari mpya inasaidia kwenye yale mawili ya kwanza tu. Angalia kama tangazo la kazi bado lipo, au limetolewa tena likiwa na maneno tofauti. Likirudi na mkoa mpya au cheo kilichobadilika kidogo, nafasi iliandikwa upya na wewe bado uko ndani ya mchezo. Kisha tafuta LinkedIn kama kuna mtu ameanza kazi hapo kwa cheo kilekile ndani ya miezi miwili iliyopita. Akiwepo, usiulizie tena nafasi ile. Ulizia hii ya Kanda ya Ziwa kama jambo jipya.

Sasa isome habari yenyewe, na usiisome gazetini. Nenda kwenye taarifa ya kampuni, utafute aya inayosema fedha zitafanya nini, maana magazeti hubeba kiasi na majina ya wawekezaji na kuiacha aya hiyo. Cha kwanza cha kutazama ni aina ya fedha. Mwaka 2023 M-KOPA ilitangaza zaidi ya dola milioni 250, lakini mtaji wa hisa ulikuwa takriban dola milioni 55 na zilizobaki, zaidi ya milioni 200, zilikuwa mikopo. Kwa kampuni inayouza simu na bidhaa nyingine kwa malipo ya kidogo kidogo, mkopo wa namna hiyo kazi yake kubwa ni kugharamia bidhaa anazochukua mteja kabla hajamaliza kulipa. Fedha za kuajiri na kujenga timu mara nyingi hutoka upande wa hisa. Mtu anayeona milioni 250 na kudhani milango yote ya ajira imefunguka amesoma nusu ya habari. Hata hivyo mkopo nao una watu wake: wanaofuatilia marejesho, wanaosimamia mawakala wa mauzo, wanaotunza hesabu za mkopeshaji. Kama kazi yako iko huko, habari ya mkopo ni yako.

Cha pili ni mwelekeo. NALA ilipotangaza dola milioni 40 mwezi Julai 2024, ilieleza pia kwamba inajenga Rafiki, mfumo wa malipo kwa ajili ya kampuni, pembeni ya huduma yake ya watu kutumiana fedha. Mtu wa kuunganisha mifumo au wa kusimamia masharti ya kisheria alikuwa na jambo la kuandika siku ile. Mtu wa huduma kwa wateja angelazimika kutafuta zaidi kabla hajasema hii inanihusu. Wewe umebahatika, kwa kuwa taarifa imetaja mikoa na kazi yako ni ya mikoani.

Kuhusu muda: fedha hutangazwa baadaye, pengine wiki au miezi kadhaa tangu mikataba isainiwe. Maana yake ni kwamba mpango wa kuajiri huenda umeshapitishwa wakati wewe unasoma habari, kwa hiyo usisubiri mwezi uishe. Lakini siku ileile ya tangazo nayo ni mbaya, ujumbe wako utazama kwenye pongezi. Siku ya tatu hadi ya tano ya kazi ndiyo nzuri. Habari imetoka Jumatatu, basi andika Alhamisi asubuhi, kati ya saa tatu na saa tano. Ingekuwa ni uzinduzi wa huduma peke yake ningekwambia usubiri hadi wiki ya pili, kwa sababu wiki ya kwanza mtu wa operesheni anazima moto mchana na usiku: miamala inakwama, mawakala wanapiga simu, na hana nafasi ya kusoma barua ya mtu wa nje.

Andika kwenye mazungumzo yaleyale ya barua pepe, ukijibu ujumbe wake wa mwisho bila kubadilisha kichwa cha habari. Akifungua ataona chini yake tarehe za usaili na alichokuandikia, naye hatalazimika kukumbuka wewe ni nani. Ukianza barua mpya yenye kichwa cha "Hongera" unajiweka kwenye fungu la wageni. WhatsApp tumia tu kama yeye ndiye aliyekutafuta huko kwanza. Lugha iwe ile mliyotumia tangu mwanzo, na jina muite kama ulivyomuita kwenye barua iliyopita. Kama alikuwa Bi. fulani, asigeuke Dada kwa sababu umeona habari njema.

Ujumbe wenyewe unabeba vitu vitatu: habari kwa sentensi moja, neno alilolisema yeye mwenyewe kwenye usaili, na kitu kidogo kinachompunguzia kazi. Hilo la pili ndilo watu wanaliacha, na ndilo lenye nguvu kuliko yote. Rudi kwenye kumbukumbu zako, utafute alikuuliza nini mara mbili au alilalamikia nini. Tuseme alisema tatizo lake kubwa ni mawakala kuishiwa floti katikati ya siku, mteja anageuka na kwenda kwa mshindani. Basi unaandika hivi:

> Habari za kazi Bi. ____,
>
> Nimesoma taarifa yenu ya Jumatatu kuhusu kuanza Kanda ya Ziwa, hongereni. Kwenye mazungumzo yetu ya mwisho ulisema shida inayowasumbua zaidi ni mawakala kuishiwa floti mchana. Mwanza shida hiyo inaweza kubadilika sura: sehemu kama Mwaloni Kirumba, penye biashara ya dagaa, fedha zinatembea kwa kufuata soko, na vituo vya minadani vina siku moja nzito kwa wiki.
>
> Nimeandika ukurasa mmoja wa namna ya kuwapanga mawakala 40 wa kwanza kwa makundi matatu ya floti badala ya kiwango kimoja. Nimeuambatanisha.
>
> Kama nafasi ya msimamizi wa mawakala bado inafikiriwa, au imebadilika kutokana na mpango huu, ningeomba dakika 15 wiki ijayo, Jumanne au Jumatano.
>
> Asante,

Una maneno mia moja na kidogo, na unasomeka kwenye simu kwa kuvuta skrini mara moja. Hakuna "naomba unikumbuke", hakuna "bado nasubiri jibu lako", wala wiki saba hazikutajwa. Yeye anajua amechelewa. Ukimhesabia wiki unamfanya aanze na kujitetea, na mtu anayejitetea huahirisha kujibu. Tazama pia yale maneno "au imebadilika". Yanampa mlango wa kukujibu hata kama nafasi ya zamani imekufa, maana meneja akiwa na jibu baya peke yake mara nyingi hunyamaza.

Ule ukurasa mmoja uwe ukurasa mmoja kweli. Kundi la kwanza ni mawakala wa sokoni wanaohitaji floti kubwa alfajiri, la pili ni wa mitaani ambao mahitaji yao ni tulivu, la tatu ni wa minadani wanaojazwa jioni ya kuamkia siku ya mnada. Weka nani anawajaza, kwa njia gani, na dalili ipi inaonyesha wakala amewekwa kundi lisilo lake. Dalili rahisi ni wakala anayegonga sifuri kabla ya saa sita mchana siku mbili au tatu za wiki moja. Namba za floti usizibuni. Hujui vituo vyao, na kiasi cha kubuni kitakuumbua kwenye swali la kwanza. Andika kwamba viwango vitatoka kwenye miamala ya wiki mbili za mwanzo.

Mambo yanayoharibu ni machache lakini yanaua kabisa. La kwanza ni kutaja habari ambayo kampuni haijaitangaza yenyewe, uliyoisikia kwa rafiki wa ndani. Meneja ataanza kuwaza nani kavujisha, na rafiki yako ataumia. La pili ni kupongeza bila kuangalia upande wa pili. Kampuni inaweza kutangaza fedha au kuungana na nyingine mwezi uleule inapopunguza watu. Muungano hasa huleta vyeo viwili vya kazi moja, na nafasi nyingi hugandishwa hadi ijulikane nani anabaki. Ukikuta hali hiyo, acha pongezi, uliza tu kama kitengo chake kimebaki na muundo uleule. La tatu ni kugusa mshahara kwa kuwa umeona mamilioni ya dola. Hilo subiri ofa. Na usidanganye kwamba una ofa kwingine ili kumharakisha. Akikwambia "basi ichukue", huna pa kurudi.

Kama usaili uliratibiwa na rasilimali watu, mwandikie meneja na uwaweke nakala. Ukiwaruka watajisikia wamezungukwa, na wao ndio wanaoandaa barua ya ajira. Isipokuwa kama waliandika wazi kwamba mawasiliano yote yapitie kwao. Hapo waandikie wao, uombe ukurasa ule umfikie meneja.

Akijibu "bado tunapanga", usiishie kwenye asante. Muulize mipango itakamilika lini, kisha umwambie utamwandikia siku mbili baada ya tarehe hiyo, na ufanye hivyo. Asipojibu kabisa, hesabu siku nane za kazi, rudi kwenye mazungumzo yaleyale kwa mistari miwili: umeulizia dakika 15, na wiki hii una nafasi siku gani. Hiyo ndiyo ya mwisho kwa habari hii. Ukimya ukiendelea, waulize rasilimali watu swali moja tu, kama nafasi imefungwa, kisha usiandike tena hadi kampuni itoe jambo jingine linalogusa kazi yako.

Na siku ile utakayotuma, weka ule ukurasa karibu na uwe na vocha kwenye simu. Wengine hawajibu kwa maandishi, wanapiga saa ileile wakiwa njiani kwenda kikaoni, na swali huwa moja: ukianza mwezi ujao, wiki ya kwanza Mwanza utafanya nini?