Barua ya kumwomba radhi mwenzako uliyemfokea kikaoni

Barua nyingi za namna hii huharibika kwenye sentensi ya kwanza. Mtu anaandika "samahani kwa yaliyotokea jana", kana kwamba yalijitokea yenyewe. Au anaandika "kama nilikukwaza", ilhali watu wote mezani walimwona mwenzake akiinamisha kichwa. Taja ulichofanya, mbele ya nani, na neno lenyewe ulilotamka. Ukilikwepa neno hilo, msomaji ataona bado unaliamini.

Tuseme mhasibu amemfokea mtunza stoo kwa sababu hesabu za mwisho wa mwezi zimechelewa. Barua yake inatosha kuwa hivi:

"Dada Rehema,
Jana kikaoni nilikufokea mbele ya wenzetu, nikasema hujui kazi yako. Nilikudhalilisha, na sikukupa hata nafasi ya kujibu. Nisamehe. Ukiridhia, kikao kijacho nitayafuta maneno yale mbele ya walioyasikia. Kama hutaki yatajwe tena, sitayataja. Nikiwa na swali la hesabu, nitakuja mezani kwako. Huna haja ya kunijibu.
Juma"

Angalia kisichokuwemo. Hakuna "lakini hesabu zilichelewa". Hata kama zilichelewa kweli, hilo ni suala la kazi, nalo lisubiri siku nyingine; likiingia humu, barua inageuka shitaka. Hakuna "shetani alinipitia" wala habari za uchovu na presha ya bosi. Hakuna pia "naamini tutasahau", maana kusahau ni uamuzi wake yeye.

Sehemu inayohitaji busara zaidi ni ile ya kikao kijacho. Umemvunjia heshima hadharani, kwa hiyo radhi ya faraghani peke yake inawaacha wale wengine na picha ile ile ya mtunza stoo asiyejua kazi. Ila wapo wasiopenda kugeuzwa mada mara ya pili, ndiyo maana unamwomba ruhusa kwanza. Akikubali, sema sentensi mbili mwanzoni mwa kikao kisha ajenda iendelee. Hotuba ndefu humlazimisha atabasamu na kusema "yameisha" kabla hayajaisha.

Mpe barua mwenyewe, mkononi, asubuhi inayofuata, akiwa peke yake, halafu ondoka. Ukisimama pale unamdai jibu. Usiitume kwenye grupu la WhatsApp la ofisi, wala usimpe bosi nakala. Nakala ya bosi humfanya mwenzako ashuku kwamba unajikinga.

Kama uongozi umeshakutaka uandike barua ya kujieleza, usitumie karatasi moja kwa kazi zote mbili. Ile ya kujieleza inaingia kwenye faili lako, inajibu tuhuma moja moja, na ina tarehe ya mwisho. Na kwa kuwa hii ya Rehema nayo yaweza kufika kwenye faili hilo, maelezo ya tukio katika barua hizo mbili yasipingane.