Idadi haizeeki

"Mwalimu, shikamoo. Natayarisha maelezo ya Jiografia kwa Kiswahili, mada ya piramidi ya idadi ya watu. Vitabu vingine vinaandika 'idadi changa ya watu' na 'idadi kongwe ya watu', vingine 'idadi ya watu inayozeeka'. Nifuate kipi? Na 'mzigo wa utegemezi' ni sahihi?" (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Usifuate hata kimoja.

Idadi ni hesabu. Neno limetoka Kiarabu, kwenye shina la kuhesabu, na tangu lilipotufikia kazi yake ni kujibu swali moja: wangapi? Hesabu hupanda na kushuka. Haizaliwi, hainyonyi, haioti mvi. Ukiniambia "idadi ya watu wa Japani inazeeka", nakuuliza: kuna idadi gani yenye magoti yanayouma? Wanaozeeka ni Wajapani. Idadi yao inapungua, na hilo ni jambo jingine kabisa, lenye sababu zake na takwimu zake. Sentensi hiyo imeyafunga mambo mawili kwenye kanga moja, na mwanafunzi hana pa kuanzia kuyafungua.

Najua ugonjwa ulikoanzia. Kiingereza kina neno moja, *population*, linalobeba maana mbili, watu wenyewe na hesabu yao. Sisi tunazitenganisha: kuna watu, wananchi, wakazi, jamii, na kuna idadi yao. Mfasiri wa kwanza alipokutana na neno lile akaandika "idadi ya watu", pengine mahali lilipofaa. Waliomfuata wakaligongomea kila mahali kama mhuri. Leo nasikia kwenye taarifa ya habari kwamba "idadi ya watu wamehama mabondeni". Watu wamehama. Kama walikuwa wengi, sema wengi. Kama walihesabiwa, taja hesabu. Na upatanisho nao umekufa humo humo: "idadi ya watu wanaongezeka", wakati kinachoongezeka ni idadi, kwa hiyo *inaongezeka*. Nimeyasahihisha haya kwa wino mwekundu miaka mingi na sijayazoea.

Sikasiriki kwa ajili ya sarufi peke yake. Wakati fulani nilisaidia kusahihisha mtihani wa majaribio wa shule moja. Wanafunzi walipewa piramidi mbili, ya Tanzania na ya Japani, zimewekwa bega kwa bega, wazilinganishe. Ile ya Tanzania ilikuwa na kitako kipana na kilele chembamba kama ncha ya mkuki. Ya Japani ilikuwa nyembamba chini, imetuna katikati na juu, mfano wa mtungi. Binti mmoja akaandika: "Tanzania ina idadi kubwa ya watu kuliko Japani kwa sababu piramidi yake ni pana chini." Msahihishaji mwenzangu akakata alama akasonga mbele. Mimi nilibaki na karatasi ile mkononi, maana binti alikuwa amefuata maneno tuliyomfundisha. Mchoro tumeuita "piramidi ya idadi ya watu", kitako kipana tumekiita "idadi changa kubwa". Angejuaje kwamba mchoro ule haukuwa unaonyesha idadi kabisa?

Tulichukue jibu lake tulipitie taratibu, maana ndipo somo lilipo.

Piramidi ni pau zilizolazwa, zimepangwa moja juu ya nyingine. Kila pau ni watu wa umri mmoja, kwa kawaida wa miaka mitano mitano: 0 hadi 4 chini kabisa, kisha 5 hadi 9, mpaka wakongwe juu. Wanaume upande wa kushoto, wanawake kulia. Kabla ya kusema neno lolote kuhusu upana, mwanafunzi anapaswa kushusha macho hadi mstari wa chini asome kilichoandikwa. Kama ni maelfu au mamilioni ya watu, upana ni idadi. Kama ni asilimia, upana ni fungu: kati ya kila watu 100 wa nchi hiyo, wangapi wana umri huu. Michoro ya mtihani ule ilikuwa ya asilimia. Hapo Japani na Tanzania zimechorwa kwa ukubwa mmoja kwa makusudi, ili tulinganishe umbo.

Ukitaka idadi, nenda kwenye sensa. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Sensa ya Japani ya 2020 ilihesabu watu milioni 126 na ushei, zaidi ya mara mbili. Lakini ukiuliza watoto wa chini ya miaka 15, Tanzania walikuwa karibu 43 katika kila watu 100, yaani zaidi ya milioni 26. Japani walikuwa 12 tu katika kila 100, kama milioni 15. Nchi yenye watu nusu ina watoto wengi zaidi kwa mamilioni. Hili ndilo jambo ambalo binti yule angeligundua mwenyewe kama tungemwachia neno *watoto* badala ya kumpa "idadi changa".

Nisimame hapo kwenye "changa". Taifa changa kwa Kiswahili ni taifa lililopata uhuru juzi. Embe changa halijaiva. Ukisema "idadi changa" msikilizaji anaweza kudhani ni idadi ndogo, na maana inageuka kichwa chini. Wengine wanakimbilia "idadi ya vijana", nayo inapotosha, kwa sababu kitako cha piramidi hakina vijana. Kina watoto: wa kubebwa mgongoni, wa chekechea, wa darasa la nne. Andika *jamii yenye watoto wengi*. Upande wa pili andika *jamii yenye wazee wengi*. "Kongwe" waachie mibuyu, misikiti na magofu. "Jamii inayozeeka" nitaivumilia, kwa kuwa jamii ni watu na watu huzeeka. Nimechoka kupigana vita vyote kwa siku moja.

Ukishakuwa na maneno hayo, umbo linaanza kusema. Kwa nini piramidi ya Tanzania inachongoka hivyo? Jibu ninalolikuta kwenye madaftari ni kwamba watu wanakufa mapema. Vifo vina sehemu yao, lakini sababu kubwa ni nyingine. Mtanzania mwenye miaka 55 na kuendelea mwaka 2022 alikuwa tayari amezaliwa sensa ya 1967 ilipofanyika, na sensa ile ilihesabu watu milioni 12.3 tu nchi nzima. Pau za juu ni mabaki ya nchi ile ndogo. Pau za chini ni watoto wa nchi ya milioni 60. Kila rika lilizaliwa na wazazi wengi kuliko rika lililotangulia, kwa hiyo hata kama asingekufa mtu kabla ya uzee, umbo lingechongoka.

Na matokeo yake kijamii yanapanda ngazi kwa ngazi pamoja na rika. Kwanza wodi ya wazazi na chanjo, kisha madawati, kisha sekondari, kisha ajira, kisha kiwanja cha kujenga. Mabinti walio kwenye kitako leo watakuwa kina mama kesho, kwa hiyo hata kila mmoja akizaa watoto wachache kuliko mama yake, watoto wanaozaliwa kila mwaka wanaweza kuendelea kuongezeka kwa miaka mingi.

Japani ngazi hiyo hiyo inateremkwa. Shule zinafungwa kwa mamia kila mwaka kwa kukosa watoto. Tangu mwaka 2000 kuna bima ya lazima ya matunzo ya wazee, ambayo watu huanza kuichangia wafikapo miaka 40. Wenye miaka 65 na zaidi walikuwa karibu 29 katika kila 100.

Piramidi ya Japani ina jambo moja ninalopenda kuwaonyesha wanafunzi. Ukichora mwaka mmoja mmoja badala ya mitano mitano, kwenye sensa ya 2020 utaona pengo kali karibu na umri wa miaka 54, kama jino lililong'oka. Hakukuwa na vita wala tauni. Mwaka 1966 ulikuwa mwaka wa Farasi wa Moto katika kalenda yao ya jadi, na imani ilisema binti azaliwaye mwaka huo atakuwa mkali na kumletea mumewe balaa. Wazazi wakajizuia: watoto waliozaliwa wakapungua kwa karibu robo, kutoka milioni 1.8 hivi hadi chini ya milioni 1.4, na mwaka uliofuata wakaongezeka tena. Ukichora kwa miaka mitano, pengo linamezwa na majirani zake. Kwetu mchoro wa mwaka mmoja mmoja una meno ya aina nyingine: pau za 40, 50 na 60 zinachomoza, kwa sababu mtu asiyejua siku aliyozaliwa humtajia karani umri wa namba kamili. Hapo miaka mitano inasaidia kusawazisha. Mwambie mwanafunzi asitunge historia ya nchi kutokana na meno hayo.

Sasa "mzigo wa utegemezi". Kipimo chenyewe ni rahisi: chukua walio chini ya miaka 15, jumlisha na walio 65 na zaidi, gawanya kwa waliobaki, zidisha kwa 100. Kwa hesabu za kukadiria, Tanzania ni 43 na 4 kwa 53, yaani karibu 89. Japani ni 12 na 29 kwa 59, kama 69. Ukiishia hapo utasema Japani wana nafuu. Zitenganishe: kwetu karibu wote wanaotegemea ni watoto, watakaoingia kazini, kwao wengi ni wazee waliokwisha kutoka kazini, na kila mzee ana watu wawili tu wa umri wa kazi nyuma yake. Namba moja imeficha nchi mbili zisizofanana.

Kwa hiyo andika *uwiano wa utegemezi*. "Mzigo" ufute. Kipimo kinatazama umri tu. Hakimwoni mtoto wa miaka 13 anayeuza karanga stendi, wala bibi wa miaka 70 anayelima na kulea wajukuu watatu ambao baba yao, mwenye miaka 30, hesabu imemweka upande wa wategemewa.

Na kichwa cha mada yako: *piramidi ya umri na jinsia*. Kama mtaala unakulazimisha "piramidi ya idadi ya watu", liandike mara moja ubaoni, kisha siku hiyo hiyo waonyeshe wanafunzi mstari wa chini wa mchoro.