Damu "iko sawa" lakini barafu haikuachi: omba upimwe feritini

Swali la wiki: "Nina mimba ya miezi mitano. Kutwa nzima natafuna barafu, na nikisikia harufu ya udongo uliolowa mate yananijaa mdomoni. Nilipimwa damu wakasema iko sawa. Je, hii ni hamu tu ya mimba au kuna kitu kinakosekana mwilini?"

Dada pole na hongera kwa mimba. Mie ni mkunga, nimekaa na wajawazito muda mrefu, na nikisoma swali lako jicho linaenda moja kwa moja kwenye hayo maneno "wakasema iko sawa", maana hapo ndo wengi wanapopotelea.

Ulichopimwa ni hemoglobini, yani ule wekundu wa damu unaobeba hewa. Kwenye mimba, kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, miezi mitatu ya kwanza na mitatu ya mwisho ukiwa chini ya 11 unahesabiwa una upungufu wa damu, na miezi ya katikati mstari unashuka hadi 10.5 sababu maji ya damu yanaongezeka haraka kuliko chembe zenyewe. Sasa mwili ukianza kuishiwa madini ya chuma haugusi hemoglobini kwanza, unachota akiba mpaka iishe, na akiba hiyo ndo inapimwa kwa kipimo kingine kinaitwa feritini. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na hemoglobini nzuri tu kwenye kadi na huku akiba imekauka kabisa, na mimba moja inahitaji takribani gramu 1 nzima ya chuma cha ziada, kwa ajili ya mtoto na kondo, kwa damu ya mama inayoongezeka, na kwa ile inayopotea. Wanawake wengi wanaingia kwenye mimba bila akiba ya kutosha hiyo hesabu, hasa kama hedhi zao zilikuwa nzito au mimba zimefuatana.

Na barafu? Katika hizi hamu zote za kula visivyo chakula, ambazo wataalamu wanaziita paika, ya barafu ndo imefungamana zaidi na upungufu wa chuma. Sio kwamba barafu ina chuma, haina kitu. Kwa nini mwili unaitaka bado watu wanabishana, ila kuna utafiti wa mwaka 2014 ambapo watu wenye upungufu wa chuma walipotafuna barafu walifanya vizuri zaidi jaribio la umakini na wepesi wa kujibu, na wale wenye chuma cha kutosha haikuwasaidia chochote, kwa hiyo inawezekana ule ubaridi unawaamsha kidogo watu ambao ubongo wao umechoka. Mie ninachokiona kila mara ni kwamba chuma kikianza kuingia hamu ya barafu inakatika mapema sana, mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili, kabla hata hemoglobini haijapanda. Hii ni alama nzuri sana na haina gharama, shida watu hawaitumii.

Nikupe kisa kimoja uone inavyokuwa. Mama mmoja, mimba wiki ya 22, alikuja analalamika kuchoka, miguu inamsumbua usiku hawezi kuituliza kitandani, moyo unaenda mbio akipanda ngazi. Hemoglobini 10.8, yani kwa miezi ya katikati amepita. Akataja barafu kama kitu cha kuchekesha tu, anaamka usiku kuifuata. Tukaomba feritini, ikarudi 7. Hapo hamna mjadala, kwenye mimba ikiwa chini ya 15 akiba imeisha, na madaktari wengi wanaanza kutibu ikiwa chini ya 30 tayari. Akaandikiwa vidonge vya chuma, kimoja kwa siku, vile vya miligramu 200 ambavyo ndani yake chuma chenyewe ni kama miligramu 65, pamoja na foliki asidi.

Baada ya wiki 4 akarudi. Hemoglobini 10.3, imeshuka. Wa kwanza kushukiwa huwa ni mgonjwa, kwamba hamezi dawa, lakini yeye choo chake kilikuwa cheusi na hiyo ni dalili kuwa vidonge vinapita tumboni. Ila kupita sio kuingia kwenye damu. Nikamuuliza barafu vipi, akasema bado, tena imezidi. Basi nikajua chuma hakijaingia, kama kingeingia barafu ingekuwa imeanza kumtoka. Nikamtoa pembeni tukakaa wawili tu, nikamuuliza polepole na bila kushangaa, kuna kitu kingine unakula mbali na chakula, udongo, mkaa, chaki, wanga mbichi? Akanyamaza kidogo af akasema udongo, kila siku, na mara nyingi anaula baada tu ya kumeza kidonge ili umuondolee kichefuchefu cha kile kidonge, na kidonge chenyewe alikuwa anakimeza na chai.

Hapo kila kitu kikaeleweka. Udongo, hasa ule laini mweupe, unashika chuma tumboni na kutoka nacho, na chuma kilichomo kwenye udongo wenyewe mwili unakipata kidogo mno, kwa hiyo wanaosema mwili unatamani udongo ili ujiongezee chuma wanakosea, inaenda kinyume. Chai nayo inazuia, kahawa hivyo hivyo, na vidonge vya kalsiamu na dawa za kiungulia ni wa kundi hilohilo. Yani kila asubuhi dawa ilimezwa, na kila asubuhi kulikuwa na viwili vya kuizuia juu yake.

Hatukumwambia aache udongo leo leo, kwa sababu mtu anayeambiwa hivyo anarudi kliniki na kusema ameacha hata kama hajaacha, na ukishapoteza ukweli wake umepoteza kila kitu. Tulibadilisha muda. Kidonge akakihamishia usiku, yakishapita masaa mawili tangu ale chakula, kwa maji na tunda lenye vitamini C, na asile udongo wala kunywa chai kwa saa mbili zinazofuata. Kichefuchefu kilipomshinda tukampa siku moja ndiyo siku moja hapana, na hiyo sio kubembeleza, ukimeza chuma ini linatoa homoni inayofunga mlango wa utumbo kwa karibu siku nzima, kwa hiyo kidonge cha kesho yake kinakuta mlango bado umebana. Kwa mwenye damu iliyoshuka sana au aliyekaribia kujifungua, hilo aamue daktari, wengine wanahitaji chuma cha kwenye mshipa moja kwa moja.

Siku ya tisa akapiga simu mwenyewe kusema barafu imemtoka, hata akiiona haimvuti. Udongo ulichelewa, ukapungua taratibu ndani ya wiki kadhaa na haukuisha wote kabla hajajifungua, na hii nataka uielewe vizuri, udongo hautii kama barafu. Kwa wengine ni upungufu wa chuma, kwa wengine ni kutuliza tumbo, kwa wengine ni mazoea ya tangu utotoni, kwa hiyo ukimaliza kujaza chuma na hamu ya udongo bado ipo usidhani dawa imeshindwa. Wiki 4 baada ya kubadilisha muda wa kidonge hemoglobini yake ilisoma 11.2.

Sasa kuhusu huo udongo unaokujaza mate, bado hujasema kama unaula, ila kama unaula kuna mambo mawili yananipa wasiwasi kuliko choo kigumu. La kwanza ni mayai ya minyoo, chango na mjeledi, yanayoishi kwenye udongo. Watu wanaoka udongo wakidhani wamemaliza, na kweli moto wa kutosha unaua mayai, lakini la pili halifi kwa moto: madini ya risasi. Udongo mwingine una risasi au aseniki na huwezi kuijua kwa macho, harufu wala ladha. Risasi inapita kwenye kondo hadi kwa mtoto na inaumiza ubongo unaojengwa, na kibaya zaidi mwili wenye upungufu wa chuma unafyonza risasi nyingi kuliko mwili ulioshiba chuma. Ndo maana mama aliyekula udongo kila siku kwa miezi namshauri aombe kipimo cha risasi kwenye damu, na akiongea na daktari wa mtoto baadaye aseme pia.

Kwenye feritini kuna mtego mmoja. Ukiwa na homa, maambukizi au uvimbe wowote mwilini inapanda yenyewe, kwa hiyo feritini ya 40 kwa mtu anayeumwa haimaanishi akiba ipo, wakati feritini ya 7 ina maana moja tu hata uwe unaumwa nini. Na kinyume chake, kuna watu wana chembe ndogo za damu kwa kurithi, thalasemia kwa mfano, hao hemoglobini iko chini ila chuma kimejaa, na kuwamiminia vidonge miezi na miezi bila kupima sio sawa. Kwa hiyo usiende kujinunulia vidonge vya chuma vya nguvu mwenyewe, kapime kwanza.

Ukienda kliniki sema hivi hivi: natafuna barafu kila siku tangu mwezi fulani, udongo nakula au sili, kiasi gani na saa ngapi, dawa za kuongeza damu nameza na nini. Omba feritini. Kama kituo hakina, bado mkunga anaweza kukuanzishia dozi ya matibabu na kukupima hemoglobini baada ya wiki 2 hadi 4, na wewe mwenyewe utazame barafu inakufanya nini katikati ya hapo. Ila ukiona unahema ukiwa umekaa tu, unazimia, moyo unadunda bila kutulia, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo. Na kwa anayekula udongo, tumbo likiuma sana, likajaa, choo na hewa havitoki na unatapika, hiyo ni dharura, utumbo unaweza kuwa umeziba.

Vidonge usiache siku barafu itakapokutoka. Hamu inaondoka wakati akiba bado iko karibu na sifuri, hemoglobini ikirudi sawa unaendelea kama miezi 3 mingine, hata kama ni baada ya kujifungua, af ndo unapima feritini tena.