Jibu: weusi wa runinga na macho kuchoka

"Natazama mpira usiku nimezima taa zote. Macho yanawasha na weusi unaonekana kijivu. Ninunue runinga nyingine?"

Hapana, usinunue bado. Gizani mboni hupanuka, kisha picha angavu inazibana, na kurudia hivyo usiku kucha ndiko kunakochosha. Bandika ukanda wa taa za LED nyuma ya runinga, ndani kidogo ya ukingo, uangaze ukuta tu bila wewe kuuona ukiwa umeketi. Ukuta ukiwaka kidogo, jicho linaona weusi ni mweusi zaidi, ingawa kioo chenyewe hakijabadilika.

Chukua ukanda mweupe ulioandikwa 6500K, kipimo cha rangi ya mwanga. Mwanga wake uwe takriban asilimia 10 ya weupe wa picha. Kwangu Umoja niliuwasha mkali mno, picha ikafifia na jicho likawa linavutwa ukutani. Nikapunguza hadi nikausahau. Ukuta wangu wa krimu pia uliufanya mwanga kuwa manjano, picha ikaonekana na ubuluu, basi nikabandika karatasi nyeupe hapo nyuma.

Taa ya mezani iweke kando ya runinga, isitazamane na kioo. Ukiiona ikiakisi, isogeze.