Simu kama kipanya na kibodi ya projekta: panga mtandao kwanza, programu baadaye

Kompyuta iko mezani kando ya projekta, wewe unataka kusimama mbele ya watu na kusogeza mshale, kubofya kiungo, hata kuandika neno moja mbili bila kurudi mezani. Simu inaweza kazi hiyo. Hapa tutatumia KDE Connect, kwa sababu ni ya bure, inapatikana kwa Android na iPhone, Windows na Linux, na inasimba kwa siri kila kinachopita kati ya vifaa viwili. Tutachukua mfano wa kompyuta ya Windows na simu ya Android.

Kuiweka ni rahisi. Sakinisha programu pande zote mbili, unganisha vifaa kwenye Wi-Fi moja, fungua programu simuni, gusa jina la kompyuta na uombe kuoanisha. Kompyuta itauliza, nawe utakubali. Baada ya hapo gusa `Remote input`, na kioo cha simu kinageuka padi ya mguso. Kugusa kwa kidole kimoja ni kubofya kushoto, vidole viwili ni kubofya kulia, na kuburuta vidole viwili kunapandisha na kushusha ukurasa. Kibodi inafunguliwa kwa alama iliyo juu ya kioo.

Nyumbani haya yote huchukua dakika chache. Ukumbini ndipo simu inapokataa kuiona kompyuta, na watu huanza kufuta programu na kuisakinisha upya. Kazi bure. Mara nyingi tatizo liko kwenye mtandao.

Vifaa hivi hutafutana hivi: kimoja kinatuma tangazo la UDP kwenye mtandao mzima kupitia poti 1716, na kinacholipokea ndicho kinachofungua muunganisho wa TCP kumrudia mtumaji. Poti zinazotumika ni 1714 hadi 1764. Sasa, Wi-Fi za wageni katika hoteli, vyuo na kumbi nyingi zimewekwa kutenganisha wateja. Kila mtu anapata intaneti, lakini kifaa kimoja hakiwezi kuzungumza na kingine. Simu na kompyuta zinaonyesha jina lilelile la mtandao, ilhali kati yao pana ukuta.

Kupima ni rahisi. Tazama anwani ya IP ya simu kwenye maelezo ya Wi-Fi, kisha kwenye kompyuta andika amri hii ukiweka anwani hiyo:

```
ping 192.168.1.34
```

Majibu yakirudi kutoka anwani hiyo ya simu, njia ipo. Yasiporudi ilhali intaneti inafanya kazi pande zote mbili, shuku utengano wa wateja. Pima kutoka kompyuta kwenda simu, usifanye kinyume chake: Windows kwa kawaida hukataa kujibu `ping` kutoka nje, kwa hiyo ukianzia simuni utadhani mtandao umekufa kumbe ni mzima.

Huna haja ya kumtafuta fundi wa ukumbi. Washa hotspoti ya simu na uunganishe kompyuta humo, uwe na mtandao wako mwenyewe. Kuna watu hujaribu kuifanya kompyuta ndiyo iwe hotspoti. Windows kwa kawaida hukataa kuiwasha kama kompyuta haina muunganisho wowote wa kugawa, hivyo simu ndiyo chaguo la uhakika zaidi. Kama simu inakupa nafasi ya kuchagua masafa, chagua 5 GHz ikiwa kompyuta inayaweza. Ukumbi uliojaa simu za watu huibana sana 2.4 GHz, na dalili yake ni mshale unaokwama kisha kuruka.

Data ya simu unaweza kuizima kabisa, maana padi haihitaji intaneti. Lakini hapo kuna mtego: Windows ikiona hotspoti haina intaneti, inaweza kuhamia yenyewe kwenye Wi-Fi ya ukumbi inayoikumbuka, na simu ikapotea katikati ya wasilisho. Nenda kwenye mtandao ule wa ukumbi na uondoe alama ya `Connect automatically`. Ukiiacha data ikiwa imewaka, weka hotspoti kama `Metered connection`, la sivyo masasisho ya Windows yanaweza kula bando lako.

Tuseme sasa kompyuta imeingia kwenye hotspoti na simu bado haiioni. Andika `ipconfig` kwenye kompyuta. Tuseme inaonyesha `IPv4 Address` 192.168.43.57 na `Default Gateway` 192.168.43.1. Ile ya pili ndiyo simu yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayogawa mtandao. Fanya `ping 192.168.43.1`. Ikijibu, lawama inahamia kwenye ukuta-moto wa Windows. Hotspoti ni mtandao mpya, na Windows huupa hadhi ya `Public`, ambamo programu nyingi haziruhusiwi kupokea miunganisho kutoka nje. Angalia jinsi hili linavyoziba njia zote mbili: tangazo la simu linazuiwa mlangoni, na kompyuta ikitangaza yenyewe, ni simu inayotakiwa kuja kufungua muunganisho, nayo inazuiwa palepale. Fungua sifa za mtandao huo na uchague `Private network`, kisha hakikisha KDE Connect imeruhusiwa kwenye ukuta-moto.

Ikibaki kimya hata hapo, acha kutegemea tangazo. Kwenye menyu ya programu ya simu kuna `Add devices by IP`, weka 192.168.43.57. Na kama simu ina VPN, izime kwanza.

Kwenye Linux yenye `ufw`, poti hufunguliwa hivi:

```
sudo ufw allow 1714:1764/udp
sudo ufw allow 1714:1764/tcp
```

Wenye Wayland watarajie dirisha la kuomba ruhusa mara ya kwanza simu inapotaka kusogeza mshale. Dirisha hilo linabofywa kwa kipanya halisi, kwa hiyo limalize kabla hujasimama mbele.

Windows nayo ina mpaka wake. Kidirisha cha UAC kinachoomba ruhusa ya msimamizi kinapotokea na kioo kufifia, simu haiwezi kubofya `Yes`, na programu iliyofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi haitasikia mguso wako. Huo si ubovu, ni ulinzi. Fungua wasilisho kwa njia ya kawaida.

Kwa PowerPoint, kibodi ya simu ina faida kuliko padi. Herufi B inazima picha ikawa nyeusi na kuirudisha. Andika 14 kisha Enter na unaruka hadi slaidi ya 14. Kibodi za kuandika kwa kutelezesha kidole wakati mwingine hazitumi herufi moja moja, basi gusa kila herufi peke yake. Simu ya iPhone iache programu wazi mbele, kwani ikienda nyuma hulazwa. Kwenye simu yoyote, ongeza muda wa kioo kuzimika ufike kiwango cha juu inachoruhusu.

Jambo linalosahaulika kuliko yote: KDE Connect haibebi mguso tu. Hupeleka pia arifa za simu kwenye kompyuta, na hushirikisha ubao wa kunakili. Ujumbe wa nyumbani ukiingia, utaonekana kwenye projekta mbele ya wote. Fungua mipangilio ya kompyuta hiyo ndani ya programu na uzime arifa, simu zinazoingia, ubao wa kunakili na kushiriki faili. Bakiza `Remote input` na kidhibiti cha slaidi. Kama kompyuta si yako, ukimaliza vunja uoanishaji kutoka pande zote mbili kabla ya kuzima hotspoti.