Ketoni +++ na sukari 4.8: mwanangu hakuwa na kisukari

Mwanangu wa miaka minne alianza kutapika Jumamosi jioni, tukiwa nyumbani Tabata. Hadi alfajiri nilishahesabu mara saba. Zahanati wakampima malaria, hana. Wakamtoboa kidole, sukari 4.8. Dada wa maabara akanionyesha kijiti cha mkojo: kiboksi cha sukari hakijabadilika, cha ketoni kimekuwa zambarau iliyokoza. Akaandika +++. Nikampigia shemeji, naye bila kusita: "Hiyo kisukari hiyo." Magoti yakaniishia nguvu.

Daktari aliniuliza swali moja tu. "Mama, mara ya mwisho alikula nini kikakaa tumboni?" Wali wa jana mchana. "Basi ketoni zako ndizo hizo."

Ini la mtoto mdogo linaweka akiba ndogo ya sukari. Asipokula karibu siku nzima akiba inakwisha, mwili unaanza kuchoma mafuta, na mafuta yakichomwa ketoni zinatokea. Ni njaa hiyo. Kwenye kisukari kilichopamba moto, sukari ya damu kwa kawaida huwa zaidi ya 11, na kwenye mkojo sukari na ketoni huonekana pamoja. Ubaya ni kwamba ketoni zenyewe zinaleta kichefuchefu: mtoto anatapika kwa sababu hali, na hali kwa sababu anatapika.

Nami usiku kucha nilikuwa nampa maji matupu, eti tumbo lipumzike. Maji matupu hayana sukari, kwa hiyo mafuta yaliendelea kuchomwa. Alfajiri nikampa kikombe kizima cha ORS, akakinywa kwa pupa, kikarudi chote.

Daktari akanifundisha upya. Pakiti yangu ilikuwa ya lita moja (soma yako, zipo za nusu lita). Kijiko kimoja cha chai kila dakika mbili, hata akililia kikombe. Kijiko hicho ni mililita 5, kwa saa moja zimeingia 150. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha anza tena polepole zaidi. Mkono uliniuma, lakini saa ya tatu akakojoa, na mchana akanywa uji wenye sukari.

Ila 4.8 ya asubuhi si ya siku nzima. Mtoto akiendelea kushindwa kula, sukari irudiwe, maana inaweza kushuka, na chini ya 3 ni dharura. Ukiona amelegea au anasinzia isivyo kawaida, hajakojoa kwa saa nane, anatapika kijani, au anahema kwa kina na haraka, usikae na kijiko nyumbani, kimbia hospitali.

Jumatatu nilirudi kumpima mkojo, ukawa bado na + moja. Nikataka kupaniki tena. Daktari akamtazama mtoto anavyotafuna andazi pale benchi, akanirudishia karatasi yangu.